Gololi ya Mama Ilisimama kwa Mbili

Kwa mama yangu, huko Tetu, hakuna kitu kinachoruhusiwa kukaa uchi. Viti vina vitambaa mgongoni na mikononi. Televisheni ina kitambaa. Redio iliyokufa zamani ina kitambaa, na juu yake kuna kingine kidogo cha kukinga kile cha kwanza vumbi. Vyote amevifuma mwenyewe kwa sindano ya kroshia. Ndugu yangu aliponunua mtungi mpya wa gesi, kesho yake ulikuwa umevalishwa sketi. Kwa hivyo siku mashine ya oksijeni ilipoingia sebuleni, mimi kama binti yake nilipaswa kujua yatakayotokea. Sikujua. Nilikuwa nawaza mapafu.

Mapafu yake yaliharibiwa na moshi. Tangu akiwa msichana alipikia kwenye mawe matatu, katika jiko lisilo na dirisha, na ukimwambia moshi utamuua anakuuliza kama githeri, yaani mahindi na maharagwe, ya gesi umewahi kuionja ikawa tamu. Mwishowe pumzi ikaanza kumkatikia njiani kutoka kwa ng'ombe. Alilazwa hospitali Nyeri, akarudi na maneno ya daktari: oksijeni nyumbani, lita mbili kwa dakika, mchana na usiku. Mama naye akarudi na lake, kwamba wodi hataingia tena. Alisema uji wa huko hauna chumvi wala adabu.

Mashine ililetwa na fundi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na viziwi. Aliiweka juu ya meza ndogo, akaitazama, akaishusha. Meza ilikuwa na mguu mmoja mfupi.

"Hii lazima isimame wima," akasema. "Ikiinama, itawadanganya."

Ndugu yangu, ambaye kwa kuwa aliwahi kutengeneza mashine ya kukata nyasi hujiona injinia, alitoka akarudi na kipande cha ubao. Meza ikanyooka. Fundi akawasha, na mashine ikaanza kunguruma. Usoni mwake ilikuwa na kibomba kinachopitisha mwanga, kimesimama, kimeandikwa namba kutoka moja hadi tano, na ndani yake gololi ndogo isiyozidi punje ya njegere. Fundi alizungusha kifundo na gololi ikapanda, ikasimama hewani kwenye mbili.

Mama aliinama mbele. "Kwani hiyo gololi imeshikwa na nini?"

"Haijashikwa na kitu, shosho," fundi akajibu, akimwita bibi kwa lugha yetu. " Inabebwa na hewa."

"Ni presha," ndugu yangu akasema.

"Si presha tu, ngoja niwaonyeshe." Fundi alizima, na gololi ikaanguka chini, tii. "Hiki kibomba mnakiona kimenyooka, lakini ndani hakiko hivyo. Chini ni chembamba, juu ni kipana. Na gololi uzito wake ni ule ule, haunenepi haukondi. Sasa hewa inatoka chini inataka kupita. Huku chini nafasi kati ya gololi na ukuta ni kidogo sana, hewa inapita kwa kubanana, kwa hivyo inaisukuma gololi juu. Kadiri inavyopanda, nafasi inaongezeka. Ikifika mahali ambapo hewa inapita vizuri, ule msukumo umebaki kutosha tu kubeba uzito wake, basi, inakaa hapo. Ukiongeza hewa, pale hapatoshi tena. Inasukumwa mpaka ipate mahali papana zaidi. Ndio maana ukiona imesimama wapi, unajua hewa inayopita ni ngapi."

Nilimwona mama akiitafuna hiyo habari polepole. "Kama mzee wa kanisa mlangoni," akasema.

"Vipi, shosho?"

"Mzee wa kanisa, amesimama katikati ya njia, watu wanatoka ibada. Wakiwa wachache wanapita kando yake. Wakiwa wengi wanamsukuma, wanamsukuma, mpaka afike pale nje njia inapopanuka. Hapo anapumzika, wanapita. Ukimkuta yuko kwa geti, unajua kanisa ilijaa."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema atawaambia wagonjwa wengine vivyo hivyo. Mama alijisikia vizuri sana kwa sifa hiyo, na mtu akijisikia vizuri huomba.

"Ya yule mama wa ng'ambo ya mto uliyempelekea mashine, yake iko ngapi?"

"Ya kwake si yako, shosho."

"Iko nne," mama akasema. Alikuwa anajua tayari. "Yeye nne, mimi mbili. Ati mimi ni nusu yake? Na nilimshinda kuchuna chai miaka yote."

Fundi hakucheka tena. Alimwambia wazi kwamba mapafu yaliyochoshwa na moshi yakimwagiwa oksijeni kuliko kipimo, yanaweza kumletea usingizi mzito, na huo si usingizi wa kuchezea. Mbili ni mbili. Mama aliitazama ile gololi kama mtu aliyepewa kiti cha nyuma kwenye harusi ya mwanawe.

Mambo yakatulia. Mama alizoea kuishi na ile paipu ndefu puani. Alifika nayo hadi mlangoni, akawa anawaamrisha kuku na ndugu yangu kutoka hapo. Nami nikarudi mjini kwa saluni yangu, nikawa na wasiwasi mwingine, maana binti yangu alikuwa amepata mchumba, na wakwe walikuwa wanakuja kutoka Kangari kwa ajili ya ruracio, kikao cha mahari, siku ya Jumamosi.

Ruracio ingefanyika kwa mama. Hilo halikujadiliwa. Binti yangu alilelewa mgongoni mwake nikiwa natafuta riziki, na alikuwa ameapa kwamba shosho asipokuwa kwenye kile kiti chake cha dirishani, hakuna mgeni atakayeonja hata chai. Mama alilijua hilo, akalitumia kama fimbo. Mwezi mzima alikuwa anafuma.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, simu ikalia. Ndugu yangu.

"Kuja. Mama anasema hewa haifiki."

"Mashine imekufa?"

"Mashine iko sawa kabisa. Ni mama."

Nilikuwa na mteja ambaye nimemsuka nusu ya kichwa. Nilimwomba msamaha, nikamfunga kitambaa, nikamwacha na msaidizi wangu ambaye kusuka bado anakubahatisha. Niliondoka nimekasirika, na sitajifanya eti nilikuwa na huruma. Mama yangu ana historia. Ndugu yangu alipotaka kuuza ng'ombe mmoja, mama alizimia sebuleni, akazinduka mnunuzi alipofika barabarani. Nikasema moyoni, haya, ruracio imekaribia, anataka tumbembeleze kidogo.

Niliingia nikakuta nyumba imependeza, imejaa vitambaa vipya vyeupe vyenye ukingo wa zambarau. Hata mashine ilikuwa imevalishwa. Fundi alikuwa amekataza kufunika upande inakovutia hewa, na mama alitii, akaacha mgongo wazi kama gauni la harusi. Lakini mbele ilikuwa na aproni iliyokatwa dirisha dogo la gololi. Na ile chupa ya maji, ambayo hewa hupitia ili isikaushe pua, ilikuwa imevalishwa sweta la kola, na kola yenyewe imebanwa chini ya kifuniko ili isiteleze. Niliona yote hayo. Nikafikiri tu kwamba zambarau inampendeza.

Mama alikuwa kitini, mabega juu, mdomo umepauka.

"Hewa," akasema, akapumzika. "Haifiki."

"Angalia hapa," ndugu yangu akasema, amechuchumaa mbele ya mashine na kidole kwenye dirisha la aproni. "Gololi iko kwa ngapi? Kwa mbili. Na maji yanatoa mapovu. Sasa haifiki vipi?"

Nilichungulia. Kweli gololi ilikuwa pale pale kwenye mbili, imetulia, na chupa ilikuwa inabubujika ndani ya sweta lake.

"Na kile kibanio cha kidole cha kupimia oksijeni ya damu?"

"Kinasoma chini. Lakini si binti yako alimpaka rangi ya kucha? Hiyo rangi inakisumbua."

Kucha za mama zilikuwa nyekundu iliyokolea, kama divai. Kwa hivyo kila kitu kilikuwa na maelezo isipokuwa mama.

"Mama," nikasema, na bado nasikia sauti yangu, "wacha drama. Mashine inafanya kazi. Tulia upumue."

Alinitazama tu. Mama yangu, ambaye akiulizwa saa hukupa habari za kijiji kizima, hakunijibu.

Ndugu yangu alisema tuongeze. Kabla sijafungua mdomo alizungusha kifundo, na gololi ikapanda tatu, nne, tano, huku yeye akiishangilia chini kwa chini.

"Sasa je? Inaingia?"

Mama alitikisa kichwa. Hakuna.

"Rudisha mbili!" nilimchapa mkono. "Unataka kumuua? Hukusikia fundi?"

"Si amesema haifiki! Kama haifiki itamuua namna gani?"

"Na kama inafika?"

"Basi ujue ni drama, umesema mwenyewe!"

Tulizozana hivyo, watu wazima wawili wenye mvi, juu ya kichwa cha mgonjwa. Nilirudisha kifundo mwenyewe, gololi ikashuka kwenye mbili. Ndugu yangu akasema basi tutafute gari tumpeleke wodini, na ruracio iahirishwe, wakwe watatuelewa. Mama alisikia neno wodi. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikutarajia.

"Siendi," akasema. "Nikienda... harusi ya mtoto... sitaiona."

Niliogopa. Niliogopa kama sijawahi kuogopa, na nikiogopa huwa nafoka, kwa hivyo nilimpigia fundi simu nikamfokea. Nikamwambia mashine yake inatuulia mzazi. Alinifokea pia, tena kwa sauti kubwa kuliko yangu.

"Gololi iko wapi?"

"Kwa mbili!"

"Chupa inatoa mapovu?"

"Inatoa!"

"Shika paipu inayoenda puani, karibu na mashine. Ikunje. Ibane kabisa, isipite hata kidogo."

Nikaikunja, nikaibana kwa vidole vyangu vyote.

"Gololi imefanya nini?"

"Imekaa."

"Imekaa wapi?"

"Si nimekwambia, kwa mbili!"

Kisha akaongea polepole, na upole wake ulinitisha kuliko kelele. "Dada, nisikilize. Umefunga njia. Hewa ikikosa pa kupita, ni nini kitabeba gololi? Inafaa ianguke hadi chini. Kama bado imesimama, kuna hewa inapita kwake na inatokea mahali pengine, kabla ya vidole vyako. Gololi inapima kinachopita kwake tu. Kama kinafika puani, haijui. Kutoka kwa gololi mpaka hapo umeshika kuna nini?"

Kulikuwa na chupa tu.

Nililamba mkono nikaupitisha kando ya chupa. Shingoni, pale chini ya kifuniko, nikasikia ubaridi. Kisha nikaona: nyuzi za zambarau za ile kola zilikuwa zinacheza, polepole, kama nyasi. Pumzi ya mama yangu ilikuwa inatokea shingoni mwa sweta. Hewa ilikuwa inapita kwenye gololi, inaingia kwa maji, inatoa mapovu yake vizuri kwa heshima, halafu inapenya kwenye matundu ya kroshia na kwenda zake sebuleni. Tulikuwa tunavipa viti oksijeni.

"Ni sweta!" nikapiga kelele. "Kifuniko hakijafunga! Kimekaliwa na sweta!"

"Sweta gani?" fundi akauliza.

Nilifungua kifuniko nikaanza kuivua chupa, na mama, ambaye hakuwa na pumzi ya kumaliza sentensi, aliipata.

"Pole pole, unanyofoa!"

Nilifunga kifuniko juu ya chupa ikiwa uchi kama ilivyozaliwa, nikakaza. Fundi akasema nibane tena. Nilibana. Gololi ilitetemeka, ikashuka moja, ikaanguka chini kabisa, na baada ya muda mfupi mashine ikapiga king'ora cha kutoboa masikio, kwa maana hewa haipiti. Mimi nilikisikia kama wimbo. Nikaachilia, king'ora kikanyamaza, gololi ikapanda yenyewe mpaka mbili, ikatulia pale pale ilipokuwa ikitudanganya. Tena nikisema ilitudanganya naionea. Kazi yake ilikuwa inaifanya tangu asubuhi. Sisi ndio tuliiuliza jambo isilolijua.

Tulikaa tukimtazama mama. Mabega yalishuka kwanza. Kisha mdomo ukaanza kurudiwa na rangi. Ndugu yangu alitoka nje, akasema anaenda kuangalia ng'ombe, na nilimsikia akipenga kamasi nyuma ya zizi kwa muda mrefu kuliko ng'ombe wanavyohitaji. Mimi nililia hapo hapo, kichwa kwenye mapaja ya mama, juu ya kitambaa.

"Mzee wa kanisa," mama akasema pumzi ilipokuwa imetosha, "anahesabu wanaotoka mlangoni. Kama walifika nyumbani, atajuaje?" Akanipapasa nywele. "Lakini mimi niliwaambia. Mliangalia gololi, mkaniacha mimi."

Nilikaa pale hadi usiku, nikiangalia mdomo wake.

Jumamosi wakwe wakaja. Mama alikaa kwenye kiti cha dirishani, amevaa shuka jipya mabegani, paipu puani, mashine kando yake. Chupa ilikuwa uchi. Alikuwa amepigana vita vya siku nzima kuhusu hilo, akashindwa, akaruhusiwa kitambaa cha kuweka chini yake tu. Nilikuwa nimeikagua mara nyingi mno, mpaka binti yangu akaniambia niende nikavae viatu.

Msemaji wa wakwe alikuwa mzee mwenye kifua kipana na muda mwingi. Alianza na majani ya chai. Alitueleza chai ya Kangari inavyokubali mvua, kisha udongo, kisha babu yake alivyopanda miche ya kwanza, kisha safari ya huyo babu, mto kwa mto. Kila tulipodhani amefika, alivuka mto mwingine. Nyama ilikuwa tayari. Harufu yake iliingia kwa mlango wa nyuma na wazee wetu wakaanza kumeza mate. Binti yangu alikuwa amejificha chumbani na wenzake, akisubiri kuitwa, na nilijua anasinzia.

Tulipofika mto wa nne au wa tano, niliiona gololi ikitetemeka. Ikashuka kwenye moja. Ikaanguka chini, tii.

King'ora kikapasuka. Wageni waliruka kutoka kwenye viti, vitambaa vikawafuata. "Ngai! Mungu wangu!" mtu akasema. "Shosho anaenda!" Ndugu yangu alikimbilia mashine, akashika chupa, akashika waya, akashika ubao wa mguu wa meza. Msemaji alisimama katikati ya mto wake amenyoosha mkono.

Mimi sikuenda kwenye mashine. Sijui ni lini nilifika kitini kwa mama, lakini nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, mikono yangu miwili usoni pake, namtazama mdomo. Mdomo ulikuwa na rangi nzuri. Macho yalikuwa makavu, yametulia. Niliifuata paipu kwa mkono kutoka puani, shingoni, hadi chini ya shuka, na hapo nikakuta vidole viwili vyenye kucha nyekundu, vimeikunja na kuibana kwa nguvu zote.

"Leo umekuja kwangu kwanza," akaninong'oneza.

"Mama, achilia," nikasema, meno yameumana.

"Amefika mto gani?"

"Hajamaliza. Achilia!"

Nyuma yangu nikasikia sauti ya msemaji, haraka, haina mito tena. "Wazazi wetu, sisi tumekubali! Yote mliyosema tumekubali! Mama asisumbuke, mtoto aitwe!"

Mama aliachilia. King'ora kikanyamaza, gololi ikapanda taratibu mbele ya macho ya watu wote, ikasimama kwa mbili, na sebule nzima ikashukuru Mungu kwa sauti. Aliweka shuka lake sawa, akamtuma ndugu yangu awaambie jikoni wapakue.

Nilisimama, nikafuta magoti, nikawaambia wageni wasiogope, paipu ilikuwa imekunjika kidogo tu.